Kichwa cheupe pe: jinsi ya kuandika wimbo wa presha ya mtihani

"Nina miaka 17 na naandika wimbo kuhusu presha ya mtihani. Nataka uwe wa kuchekesha lakini wa kweli, na kiitikio kiwe cha haraka, watu wakidake mara moja. Kiitikio changu ni hiki: 'Ninahisi msongo wa mawazo kwa sababu ya mitihani / Sijui kama nitafaulu au nitafeli maishani.' Biti ni 120 na kila mstari nauimba ndani ya mapigo manne. Naishiwa pumzi, na rafiki zangu wanasema nasikika kama mgeni rasmi anayehutubia wanafunzi. Tatizo ni sauti yangu au ni maneno?"

Ni maneno, mdogo wangu. Sauti yako iache kwanza, haina kosa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokukaba koo. Biti ya 120 ina mapigo 120 kwa dakika, yaani mawili kwa sekunde, kwa hiyo mapigo manne ni sekunde mbili tu. Sasa hesabu silabi za mstari wako wa kwanza kwa vidole: ni-na-hi-si, m-so-ngo, wa, ma-wa-zo, kwa, sa-ba-bu, ya, mi-ti-ha-ni. Ni 20. Mstari wa pili nao una 20. Unajaribu kutoa silabi kumi kila sekunde, na hujajiachia hata upenyo wa kuvuta hewa. Mtu anayeongea kawaida hutoa takriban tano hadi saba. Wapo wanaorap kwa kasi yako, lakini wamefanya mazoezi ya miaka, na hata wao mara nyingi hawaweki kasi hiyo kwenye kiitikio. Kiitikio ni mahali ambapo mtu asiyejua kuimba anatakiwa aingie.

Wengi hudhani kiitikio cha haraka ni kiitikio chenye maneno mengi, na hapo ndipo wanapoharibu. Kasi anayoisikia msikilizaji inatoka kwenye biti na kwenye vipande vya kimya vilivyoachwa katikati ya maneno. Ukijaza kila nafasi, sikio linapata mfululizo mmoja usio na kilima wala bonde, na mfululizo huo hausikiki kama mbio. Unasikika kama tangazo linalosomwa na mtu mwenye haraka ya kuondoka.

Suala la pili liko ndani ya Kiswahili chenyewe, na watunzi wengi huligundua baada ya kuhangaika sana. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: miti-HA-ni, mai-SHA-ni, ma-WA-zo. Silabi ya mwisho ni laini, inaanguka. Kwa wimbo wa polepole hilo ni uzuri mtupu, linaupa mstari mkia wa kubembeleza. Kwa kiitikio cha haraka ni shida, kwa sababu pigo la nne, ambapo watu wanataka kupiga kofi, linafuatwa na silabi iliyokwisha kuzimika. Kila mstari unamalizika kama mpira uliopungua upepo.

Dawa ipo, na umekuwa ukiitumia tangu utotoni. Ni tanakali za sauti, vile vijineno vya silabi moja tunavyovibandika mwishoni ili kukoleza: nyeusi ti, kaanguka pu, kafunga ndi, nyeupe pe. Vijineno hivi havina silabi ya kuangukia. Vinagonga na kuondoka. Na mtihani umekupa kimoja kinachokufaa kuliko vyote, kwa sababu ndicho kilichoko mezani mbele yako na ndicho kilichoko kichwani mwako kwa wakati uleule: pe.

Nimekuandikia kiitikio cha mfano. Usikichukue kama amri, kichukue kama gari la kujifunzia.

Kurasa nyeupe pe!
Na kichwa cheupe pe!
Nilisoma usiku kucha,
Leo ni jina tu!

Sasa tukifungue tukiangalie ndani. Piga meza kwa kiganja, moja, mbili, tatu, nne, kwa mwendo wa biti yako. Kati ya pigo na pigo kuna nusu moja, kwa hiyo ndani ya mapigo manne una vyumba vinane. Nikiandika herufi kubwa palipo na mkazo, na kistari mahali unapovuta silabi au unaponyamaza, mistari inakaa hivi:

(ku) RA – sa nye U pe PE –
(na) KI – chwa che U pe PE –
(nili) SO – ma u SI ku KU cha
LE – o ni JI na TU –

Angalia safu ya kwanza, ya tano na ya saba. Kila palipo na mkazo wa neno, ndipo lilipo pigo. Hakuna neno lililopindwa ili litoshe. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa wimbo wowote wa Kiswahili: ukiimba, neno libaki na mkazo wake wa kuongea. Ukimsikia mtu anaimba "mtihaNI" au "KAlamu", ujue mdundo umemshinda nguvu, na msikilizaji atakwazika hata kama hawezi kueleza amekwazwa na nini.

Silabi zilizo kwenye mabano zinaingia kabla ya pigo la kwanza, kama mtu anayeruka kizingiti. Mstari wa tatu ndio pekee usiokuwa na kimya mwishoni. Nimeufanya hivyo makusudi: mistari miwili ya kwanza imesimama, wa tatu unakimbia moja kwa moja hadi ndani ya wa nne, na wa nne unagonga ukuta kwa neno "tu". Wanaocheka hucheka hapo. Jumla ni silabi 29 kwa sekunde nane, yaani chini ya nne kwa sekunde. Una nafasi ya kupumua mara tatu. Ukiona imepoa, usiongeze maneno, pandisha biti hadi 140, na wimbo uleule utakuwa unakimbia mbele ya waimbaji wake.

Kwenye simu au kompyuta utaona kasi hiyo imeandikwa BPM. Ibadilishe kidogo kidogo, 120, 128, 136, huku ukiimba kwa kusimama. Kasi yako ni ile ya mwisho ambayo bado unaweza kuimba kiitikio mara mbili mfululizo ukiwa unatabasamu. Tabasamu si mapambo: taya likikaza, "pe" inatoka imechoka.

Tuje kwenye ucheshi, maana hapa ndipo rafiki zako walipokuwa na haki, ingawa walikusema vibaya. "Msongo wa mawazo" ni jina ambalo mtu mwingine amekupa kwa hali yako. Ni la kwenye vipeperushi. Hakuna kijana aliyetoka chumba cha mtihani akamwambia mwenzake, "Ninahisi msongo wa mawazo kwa sababu ya mitihani." Atasema amekwama namba tatu, amefuta mpaka karatasi imetoboka, au jirani yake kaomba karatasi ya nyongeza wakati yeye bado anatafuta upande wa juu wa swali. Nami nisijitoe. Zamani niliombwa kuwaandikia wanafunzi wimbo wa kipindi cha mitihani, nikaujaza "bidii" na "mafanikio" na "malengo". Waliuimba vizuri sana, kwa sura zile za watu wanaofagia uwanja baada ya kuadhibiwa. Siku ya pili nikawasikia wakiimba maneno yao wenyewe kwa melodia yangu, kuhusu peni inayovuja, na yao ndiyo yaliyodumu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika beti, usitafute vina. Kaa na karatasi uandike vitu kumi ulivyoviona, ulivyovisikia au ulivyovishika siku ya mtihani. Vitu, si hisia: kiatu cha msimamizi kinacholia, saa ya ukutani ambayo kwa kawaida hakuna anayeisikia, na yule anayepekua kurasa kwa sauti ili mjue amefika ukurasa wa nne. Hofu itaonekana yenyewe ndani ya vitu hivyo.

Kisha una bahati nyingine ambayo lugha imekuwekea tayari. Mstari wa shairi letu la kimapokeo mara nyingi una mizani 16, nane upande mmoja na nane upande wa pili. Nane ni vyumba vinane, yaani mapigo manne kamili. Ukiimba silabi moja kwa kila nusu ya pigo, kila kipande cha mizani nane kinajaa bila kubaki wala kupungua. Na kwa kuwa mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, silabi ya saba, yenye mkazo, inatua juu ya pigo la nne. Babu zetu hawakuwa na mashine ya biti, lakini mizani zao zinaingia humo bila kusukumwa. Ubeti wa kwanza unaweza kwenda hivi:

Msimamizi kasema, "Msiwe na wasiwasi,"
Miguu ikatetema, meza ikacheza kasi,
Jirani yangu mapema keshaomba karatasi,
Mimi nachora tarehe kwa mwandiko wa harusi.

Ukikumbuka kwamba "m" ya mwanzo wa msimamizi na ya msiwe ni silabi kamili, kila kipande kitakupa nane. Sasa tazama kichekesho kilipowekwa. Mstari wa nne ungeweza kuwa "kwa mwandiko wa harusi mimi nachora tarehe". Maana ni ileile na hakuna atakayecheka, kwa sababu kitu cha ajabu kimetangulia na kile cha kawaida kimefuata. Neno linalochekesha likae mwisho kabisa, kisha unyamaze. Usiongeze mstari wa kueleza kwamba ulikuwa unapoteza muda kwa sababu hujui jibu. Wameshajua.

Halafu vina. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, vina vya silabi moja ni vya bure. Ukitumia "-ni" ya mitihani, maishani, shuleni na jamani unaweza kuandika hadi kesho, na sikio litakuwa limelala kuanzia mstari wa pili. Chukua silabi mbili za mwisho, ile yenye mkazo na inayofuata: kasema na mapema, kasi na karatasi. Kina cha namna hii kinasikika hata biti ikiwa juu. Mstari wangu wa nne umeachia "-asi" ukaenda "-usi", na nimeuacha hivyo kwa sababu mstari wa mwisho wa ubeti unaruhusiwa kutoroka, hasa ukiwa unatoroka na kichekesho.

Sasa ukweli. Umesema unataka wimbo wa kweli, basi nikuulize: usiku ule kweli ulisoma? Kama ulisoma, "Nilisoma usiku kucha" inakaa, na wimbo unakuwa wa mtu aliyeonewa na kichwa chake mwenyewe. Kama ulikuwa umelala chali na simu usoni, basi badilisha neno moja: "Nilichati usiku kucha." Silabi ni zilezile, mkazo uko palepale, lakini wimbo umegeuka kuwa maungamo. Yote mawili yanafaa, ila si kwa athari moja. "Nilisoma" inaleta huruma na kicheko kidogo, "nilichati" inaleta kicheko kikubwa na huruma kidogo. Mimi ningeanza na "nilisoma" kwenye kiitikio cha kwanza, halafu cha pili kikaungama. Msikilizaji anapenda kumfuma mwimbaji akidanganya, mradi mwimbaji awe ndiye aliyejifumania.

Mstari wa nne nao usikae palepale. Kiitikio cha kwanza, "Leo ni jina tu." Cha pili, "Leo ni tarehe tu," ambapo "tarehe" inaingia kwa kuikimbiza kidogo "o" ya leo. Cha tatu, "Sasa na jina, pe!" Ameanza akiwa na jina, amemaliza hata jina limemtoka. Ukiacha lile neno moja la maungamo, mengine yote yamebaki vilevile, kwa hiyo watu wanaimba nawe kwa kujiamini, kisha wanaanguka pale ulipotoa ngazi. Neno moja na mstari mmoja vinatosha. Ukibadilisha zaidi ya hapo hawatakuwa na pa kushika.

Nieleze kidogo kwa nini kichwa huwa cheupe, kwa sababu ukilijua hilo utaandika vizuri zaidi, na pengine utajionea huruma kidogo. Ukiogopa, mwili hauulizi kama mbele yako kuna simba au kuna swali la hesabu. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, tumbo linavurugika na kukoroma wakati wa kimya jii. Na sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa muda mfupi, ile unayoitumia kubeba namba wakati wa kukokotoa, inavamiwa na wasiwasi: nikifeli je, muda umebaki kiasi gani, mbona wenzangu wanaandika. Nafasi ni ndogo na wageni ni wengi. Ulichosoma hakijafutika, kimekosa njia ya kutokea tu. Ndiyo maana ukishatoka nje, hofu ikatulia, jibu linakuja mbio likikusalimia. Huo ni utani ambao mwili umekuandikia bure, na mahali pake ni kwenye daraja la wimbo, kabla ya kiitikio cha mwisho:

Nimetoka mlangoni, majibu yamenijia,
Yalikaa barazani, pale yakisubiria.

Hapo ningezima ngoma, nibaki na kofi au kidole kinachogonga meza, ili kiitikio cha tatu kiingie kwa kishindo.

Sasa lile swali ulilolibeba kwenye mstari wako wa pili, kwamba hujui kama utafaulu au utafeli maishani. Naamini ndilo la kweli kuliko yote, na ndilo uliloliandika vibaya kuliko yote, kwa sababu umelisema kwa ujumla. Usilitupe. Litoe kwenye kiitikio, lipeleke ubeti wa pili, ulipe uso. Unapowazia kufeli, unamwona nani? Jibu lako ndilo mstari. Kwa mfano:

Sio swali la hesabu linalonitoa jasho,
Ni mama, kwa taratibu, akiniuliza kesho.

Hakuna kichekesho hapo, na kusiwe nacho. Wimbo wa kuchekesha unaweza kubeba sehemu moja ya namna hii bila kuzama, tena unakuwa na uzito kwa sababu yake. Mama wa kwenye mstari hakemei. Angekemea, hofu ingekuwa ndogo. Kama kwenu si mama ila ni baba, mlezi, kaka, au ni wewe mwenyewe kwenye kioo, weka huyo. Ila kumbuka mtu huyo atausikia. Mweke kwa namna ambayo akisikia atakaa kimya kidogo, asione ameanikwa.

Na mcheke mhusika mwenyewe, yaani wewe. Ukianza kumcheka yule anayeshika mkia kila mara, wimbo unapoteza urafiki wake hapo hapo. Msimamizi unaweza kumgusa, ana kiatu kinacholia na mamlaka yake hayatapungua.

Kuhusu misimu ya vijana, tumia ile unayoisema kweli, kwa kiasi. Maneno ya mtaani huzeeka haraka, na kiitikio kikiegemea neno la mwaka huu, mwakani utakuwa unamfafanulia mtu. Kwenye beti mwaga upendavyo. Kwenye kiitikio, "pe" ina umri mkubwa kuliko sisi sote na bado inafanya kazi.

Melodia isikusumbue. Noti tatu zinatosha kwa kiitikio cha kasi hii, zilizokaa karibu karibu, kama watoto wanavyotaniana uwanjani. Acha mistari ikae noti ya chini na ya kati, na "pe" pekee ndiyo ipande ya juu. "Tu" ya mwisho ishushe chini kabisa, kama mtu aliyekata tamaa ya kistaarabu. Ukirekodi kwa simu utaona "pe" inapasua sauti, inatoa mshindo wa upepo, kwa kuwa herufi "p" hurusha pumzi moja kwa moja kwenye maiki. Weka simu pembeni ya mdomo, usawa wa shavu, umbali wa shibiri moja, na mshindo utaisha.

Kujua kama kiitikio kimekamata, usiwaulize rafiki zako kama ni kizuri. Watakujibu kwa upendo au kwa utani, na vyote viwili havikusaidii. Waimbie mara mbili, halafu zungumzeni mambo mengine kabisa kwa robo saa. Kisha mwambie mmoja akuimbie. Alichokumbuka ndicho kiitikio. Alichosahau kikate. Na alichokosea kisikilize kwa makini sana, kwa sababu mdomo wa mtu hukosea kuelekea kwenye wepesi. Akiimba "kichwa cheupe" bila ile "na" ya mwanzo, huenda ndiye aliyekuandikia vizuri zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Sauti ikikwaruza kila baada ya mazoezi, au koo likiuma, acha kuimba kwa siku kadhaa na utafute mwalimu wa sauti akusikilize ana kwa ana. Mara nyingi ni namna ya kuvuta pumzi, na hilo halionekani kwenye karatasi. Kukwaruza kukiendelea wiki mbili au tatu, mwone daktari.

La pili ni la maneno yenyewe. "Mtihani utaniua" ni msemo tu, sote tunausema. Lakini wewe unajua tofauti kati ya mstari ulioutunga na mstari uliokutoka. Kama kwa wiki kadhaa hulali, chakula hakipiti, moyo unakwenda mbio hata siku isiyo na mtihani, au umejikuta ukiandika kwamba ingekuwa heri usiwepo na hukuwa unatania, basi huo si ubeti. Mweleze leo mtu mzima unayemwamini, mzazi, mwalimu, mshauri wa shule au daktari. Ukishindwa kusema, mpe karatasi asome. Na kama wazo la kujidhuru liko karibu, usikae peke yako, nenda kituo cha afya au uombe mtu akupeleke. Wimbo utakusubiri, hauna muda wa kukusanya karatasi.

Kama uko sawa na ni tumbo tu linalokoroma, basi kazi iliyobaki ni hii. Mtihani wako ujao ukiisha, kabla hujaanza kulinganisha majibu na wenzako, tafuta kona uandike vitu vitano ulivyoviona mle ndani. Dakika kumi baadaye utakuwa umeshavirekebisha viwe vya maana. Ubeti wa pili wote, ukiacha ile mistari ya mama, bado hauna vitu vyake, na vitu hivyo mimi sina. Viko kwenye chumba hicho, pamoja na yule anayepekua kurasa kwa sauti.